Wasifu mmoja, washauri sita: nimsikilize nani?

Mshauri, shikamoo. Ni mbanguaji wa korosho Masasi. Nimealikwa kuzungumza dakika 20 kwenye mkutano wa wadau wa korosho mjini Mtwara, kuhusu namna ya kupunguza korosho kuvunjika wakati wa kubangua. Watakuwepo viongozi wa AMCOS, wenye viwanda vidogo na wanunuzi. Mratibu ameomba wasifu usiozidi maneno 80. Utachapwa kwenye kijitabu cha ratiba, na mshereheshaji atausoma kabla sijapanda jukwaani. Niliandika huu:

"Bi. Z. ni mwanamke mchapakazi, mbunifu na mwenye uzoefu mkubwa katika sekta ya korosho. Alizaliwa Newala, mtoto wa tatu kati ya watoto saba. Ana cheti cha usindikaji wa vyakula na amehudhuria mafunzo mbalimbali ya ujasiriamali, usafi wa chakula na vifungashio. Ni msimamizi wa ubora katika kiwanda kidogo cha kubangua korosho Masasi na mwenyekiti wa kikundi cha wanawake. Amefundisha wanawake wengi kubangua kwa njia za kisasa. Ana ndoto ya kuona korosho zote za Kusini zinabanguliwa hapa hapa nyumbani. Ni mama wa watoto wawili na anapenda kupika."

Nikauweka kwenye kundi la WhatsApp na kuuliza, "Mnaonaje?" Rafiki yangu anasema ninaringa. Mhasibu wetu anasema nimejishusha, niorodheshe vyeti vyote vitano. Meneja anataka jina la kiwanda litajwe na neno "kidogo" litoke. Afisa ugani anataka nitaje gredi, W240 na W320. Mwalimu jirani yangu anasema hakuna atakayeelewa, na tena niandike "mimi", maana huu unasomeka kama wasifu wa marehemu. Rafiki yangu anaipenda sentensi ya ndoto kuliko zote, mhasibu anataka niifute. Na mjomba ameagiza Newala ibaki na ukoo utajwe. Nimejaribu kuwaridhisha wote, sasa umefika maneno 163 na mimi mwenyewe sijitambui humo.

Daftari la kikundi lina majina 46 ya niliowafundisha tangu 2019. Kiwandani, katika kila kilo 10 za korosho zilizobanguliwa, vipande vilikuwa karibu kilo 4, sasa ni kama kilo 2. Sijui kama haya yanafaa kuwekwa. Nimebakiwa na siku nane. Nimsikilize nani?

Mbanguaji, Masasi

*

Marahaba, dada.

Ule wa maneno 163 uweke kando, usiutengeneze. Rudi kwenye wa kwanza. Ukishachanganya maoni ya watu sita ndani ya aya moja huwezi tena kujua neno gani limeingia kwa sababu gani, na kila utakapojaribu kupunguza utajikuta unamkata mtu badala ya kukata sentensi. Wasifu wa kwanza una maneno 85, umezidi kikomo kwa matano tu. Huo ndio wa kufanyia kazi.

Kabla ya kupima ushauri wa mtu yeyote, soma upya ujumbe wa mratibu, kwa sababu yapo mabishano ambayo ujumbe huo unayamaliza peke yake. Wasifu utasomwa na mshereheshaji. Mshereheshaji hawezi kusimama mbele ya ukumbi akasema "mimi ni msimamizi wa ubora", kwa hiyo suala la "mimi" au "yeye" si la kupigiwa kura: ni "yeye". Maneno ni 80, kwa hiyo vyeti vitano na ukoo haviwezi kuingia vyote, hata kama kila aliyevipendekeza ana haki. Na mada yako ni korosho kuvunjika. Kila sentensi isiyomsaidia mtu wa ukumbini kuamini kwamba wewe unalijua hilo inatumia nafasi ya sentensi ambayo ingemsaidia.

Lakini usimtupe mwalimu wako haraka. Dawa aliyoitoa siyo, ila alichokisikia kipo. "Alizaliwa Newala, mtoto wa tatu kati ya watoto saba", halafu elimu, halafu kazi, halafu watoto: huo ndio mpangilio unaosomwa msibani, na masikio yetu yanautambua kabla akili haijafika. Tatizo ni mpangilio, wala si nafsi. Anza na unachokifanya leo, kuzaliwa kusogee nyuma, na harufu ya msiba itatoka bila kuandika "mimi" hata mara moja.

Hivyo ndivyo utakavyoyapokea maoni mengine yote. Kila maoni yana vitu viwili ndani yake: mahali msomaji alipokwama, na tiba anayoipendekeza. Watu huwa sahihi zaidi kuhusu mahali walipokwama kuliko kuhusu tiba, maana kukwama ni jambo lililowatokea wao wenyewe, tiba wameibuni palepale huku wakiandika ujumbe. Chukua daftari. Kila sentensi ya wasifu ipe ukurasa wake, halafu chini yake andika nani amekwama hapo na amehisi nini. Tiba iandike pembeni kwa penseli. Usipange kurasa kwa majina ya watu. Ukifanya hivyo utaishia kulinganisha mjomba na meneja, na hapo hutamaliza. Ukipanga kwa sentensi, utaona kwamba maoni yanayoonekana kupingana mara nyingi yanagonga palepale.

Tazama ukurasa wa sentensi ya kwanza: "mwanamke mchapakazi, mbunifu na mwenye uzoefu mkubwa". Rafiki yako anasema unaringa. Mhasibu anasema umejishusha. Ukiwachukua kwa maneno yao, mmoja anataka upunguze na mwingine anataka uongeze, na huwezi kuwatii wote. Ukiangalia walichokwama nacho, ni kitu kimoja: sifa zisizo na ushahidi. Rafiki yako anasikia mtu anajiita mchapakazi mwenyewe, na kwetu sifa hiyo hutolewa na wengine. Mhasibu anasoma sifa zilezile na hapati cha kushika, kwa hiyo anaona hujasema kitu na anakutafutia ushahidi anaoufahamu yeye, yaani vyeti. Ukibadilisha sifa kwa jambo ulilolifanya, wote wawili wanaridhika. Anayesema "nimefundisha wanawake 46 tangu 2019" haringi, anatoa taarifa; na taarifa hiyo ina uzito kuliko "mwenye uzoefu mkubwa".

Kwa hiyo yale uliyoyaweka mwishoni mwa barua, ukisema hujui kama yanafaa, ndiyo moyo wa wasifu wako. Inashangaza kwamba katika watu sita hakuna aliyeyaomba, lakini sababu iko wazi: hukuwaonyesha. Msomaji hutoa maoni juu ya kilichopo kwenye karatasi. Kilichokosekana hakioni, labda awe anaijua kazi yako kama unavyoijua wewe. Ndiyo maana maoni mengi hivyo yalizunguka vyeti, ndoto na ukoo, na hakuna aliyegusa kilo wala idadi.

Ila tarakimu zina masharti, na zikaguliwe kabla hazijachapwa. Hayo majina 46, je, ni watu 46 au ni mahudhurio 46? Kama mtu alikuja 2020 na akarudi 2022, daftari linaweza kuwa limemwandika mara mbili. Hesabu watu. Upande wa kilo, angalia kama kilo 4 za zamani na kilo 2 za sasa zilipimwa kwa namna moja. Korosho za msimu wenye mvua wakati wa kuvuna, au zilizokaushwa vibaya, huvunjika zaidi hata mikononi mwa fundi, kwa hiyo ukilinganisha siku moja mbaya ya zamani na siku moja nzuri ya mwaka huu, mwenye kiwanda aliyekaa mstari wa mbele atakuuliza swali ambalo hutalipenda. Tumia wastani wa msimu mzima kwa kila upande. Kama daftari la zamani halipo, acha kilo na ubaki na idadi ya watu. Tarakimu moja unayoweza kuitetea inatosha. Kisha uwe mwangalifu na kitenzi. Ukiandika "amepunguza vipande", umebeba mwenyewe kazi ya wapikaji, wakataji na mtu aliyerekebisha mashine. Ukiandika "vipande vimepungua kiwandani anakosimamia ubora", umesema kweli na msikilizaji atajiunganishia mwenyewe.

Hapo ndipo meneja anapoingia, na yeye ana nafasi tofauti na wengine wote. Meneja si mshauri tu, ana haki ya kuzuia. Jina la kiwanda ni lake, na hesabu za uzalishaji ni za kiwanda, kwa hiyo usizichape bila ruhusa yake. Mpelekee sentensi hizo mbili tu, ile yenye jina na ile yenye kilo, umuulize: jina liandikwe vipi kwa usahihi, na kilo hizi ziko sahihi na zinaweza kutajwa hadharani? Mwombe jibu la maandishi, hata ujumbe mfupi. Akisema kilo zisitajwe, hazitajwi, na hakuna ubishi. Neno "kidogo" mwachie, ameomba jambo jepesi na halipotoshi kitu. Lakini haki yake inaishia hapo. Akitaka wasifu uanze na historia ya kiwanda na mwaka kilipofunguliwa, mwambie kwa adabu kwamba kijitabu kimeomba wasifu wa mzungumzaji na nafasi ni maneno 80. Makosa ya watu wengi ni kumpa bosi kalamu yote kwa sababu ana haki ya neno moja.

Ugomvi wa gredi unahitaji kutazamwa kwa utulivu, kwa sababu hapo wote wawili wanaujua ukumbi, ila kila mmoja anajua nusu yake. Afisa ugani yuko sahihi kwamba mnunuzi akisikia W320 anakuelewa mara moja: ni korosho nzima nyeupe, na tarakimu inaonyesha korosho ngapi zinaingia kwenye ratili moja, yaani gramu 454, kwa W320 ni kama 300 hadi 320. W240 ni kubwa zaidi, ndiyo maana zinahitajika chache kujaza ratili hiyo. Mwalimu naye yuko sahihi kwamba wapo watakaopotea. Viongozi wengi wa AMCOS shughuli yao ni korosho ghafi, kuzipokea, kuzipima na kuzipeleka ghalani hadi mnada, na gredi za kiini si lugha yao ya kila siku. Katika wasifu utakaosomwa kwa sauti huna nafasi ya kueleza, na msikilizaji hawezi kurudi nyuma kama msomaji. Kwa hiyo waridhishe wote wawili: gredi zitoke kwenye wasifu, ziingie kwenye mazungumzo yako ya dakika 20, ambako utakuwa na korosho mkononi na unaweza kuwaonyesha. Katika wasifu neno "nzima" na neno "vipande" yanatosha, kila mtu Mtwara anayajua.

Ushauri wa mhasibu kuhusu vyeti unafundisha jambo lingine. Mtu anapokushauri juu ya wasifu, mara nyingi anakuandikia wasifu ambao ungemfaa yeye. Katika uhasibu vyeti ndivyo vinavyofungua mlango, kwa hiyo anapoona cheti kimoja anaona umeacha silaha nyumbani. Kwa mbanguaji anayekwenda kufundisha wabanguaji wenzake, cheti cha usindikaji wa vyakula kina maana, lakini mafunzo ya ujasiriamali na vifungashio hayamwambii mtu kama unajua kwa nini korosho inavunjika. Kibakie kimoja, kilicho karibu zaidi na mada. Vingine viweke kwenye wasifu mrefu wa kuombea kazi au mkopo, huko mhasibu ndiye wa kumsikiliza kuliko sisi wote.

Kuhusu ndoto, hapo hakuna aliyekosea. Mmoja inamgusa, mwingine haimgusi, na hakuna ukweli wa kuangalia wala kanuni ya kijitabu ya kukata shauri. Maoni ya namna hiyo ni ladha, na kwenye ladha mwandishi ndiye mwenye neno la mwisho. Mimi ningeitoa, kwa sababu ambayo hakuna kati yao aliyeitaja. Ukumbini watakuwemo watu wanaoishi kwa kununua na kuuza korosho ghafi, na kubangua zote hapa nyumbani au kuzisafirisha zikiwa ghafi ni mjadala mzito Kusini. Sentensi hiyo ikisomwa kabla hujafungua mdomo, baadhi yao wataanza kubishana na wewe kimoyomoyo badala ya kusikiliza habari za mvuke na kisu. Ukitaka kuisema, iseme mwenyewe mwishoni mwa mazungumzo, wakiwa wameshaona kwamba kazi yako unaijua.

Mjomba. Sitakwambia umpuuze, najua kwetu huku neno la mjomba lina uzito gani. Lakini tofautisha aliyoyaagiza. Newala ina faida hata kwa mkutano: watu wa Newala na Tandahimba waliomo ukumbini watakuona wa kwao, na inagharimu maneno matatu tu, "mzaliwa wa Newala". Ibaki. Ukoo haumsaidii mwenye kiwanda wa Lindi kuelewa kitu, na kwenye maneno 80 haupati nafasi. Usimjibu kwa simu. Kijitabu kikishachapwa mpelekee nakala, mwonyeshe kwa kidole mahali ilipoandikwa Newala, na ukoo wenu utaje kwa mdomo siku utakaposimama kushukuru.

Watoto na kupika vitoke. Havina ubaya, havina kazi hapo.

Sasa tuuandike upya. Sentensi ya kwanza inasema wewe ni nani leo, ya pili umefanya nini, ya tatu kimetokea nini, ya nne umetoka wapi na umesomea nini, ya mwisho inamkabidhi msikilizaji mada:

"Bi. Z. ni msimamizi wa ubora katika (jina la kiwanda), Masasi, na mwenyekiti wa kikundi cha wanawake wabanguaji. Tangu 2019 amefundisha wanawake 46 kupanga korosho ghafi kwa ukubwa, kuzipika kwa mvuke na kuzikata bila kuzivunja. Katika kiwanda hicho, vipande vimepungua kutoka kilo 4 hadi kilo 2 katika kila kilo 10 za korosho zilizobanguliwa. Mzaliwa wa Newala, ana cheti cha usindikaji wa vyakula. Leo ataeleza hatua tatu zinazoamua kama korosho itatoka nzima au vipande."

Hayo ni kama maneno 73, hivyo hata jina la kiwanda likiwa refu bado utabaki chini ya 80. Angalia kilichotokea kwa "njia za kisasa". Watu hupenda maneno hayo kwa kuwa yanasikika makubwa, lakini kila mmoja anayajaza kwa anachokidhani, na mwenye kiwanda anaweza kufikiri unauza mashine. Mahali pake pamekuwa kupanga kwa ukubwa, mvuke na kukata. Mtu wa kazi akisikia hivyo anajua kwamba unajua: korosho kubwa na ndogo zikichanganywa, kisu kilichorekebishwa kwa ukubwa mmoja kitazichana kubwa hadi kwenye kiini na kuziacha ndogo bila kufunguka. Huna haja ya kulieleza hilo kwenye wasifu. Kutaja hatua tu kumetosha. Sentensi ya mwisho nayo irekebishe ifanane na utakachokisema kweli; kama hatua zako ni nne, kwa mfano ukihesabu na kuzipoza korosho baada ya mvuke kabla ya kuzikata, andika nne.

Baada ya hapo ita duru ya pili ya maoni, moja tu, na usiipeleke kwenye kundi. Kwenye kundi, wa kwanza kuandika ndiye anayewaongoza waliobaki. Rafiki yako akisema "unaringa" saa tatu asubuhi, kila atakayesoma baadaye atakuwa anatafuta maringo. Mtumie kila mtu peke yake. Na wasiwe walewale sita. Wanakupenda na wanakufahamu, kwa hiyo wanajaza mapengo kwa wanayoyajua bila kutambua. Tafuta wawili: mmoja mwenye kiwanda kidogo au fundi wa kiwanda kingine ambaye hakufahamu, mwingine kiongozi wa AMCOS. Hao ndio ukumbi wako. Ujumbe wenyewe usiulize "unaonaje". Swali hilo linamlazimisha mtu kutafuta kasoro hata pasipo na kasoro, maana anaona ni utovu wa adabu kurudisha mikono mitupu. Mwandikie hivi:

"Habari za kazi, kaka. Naomba dakika mbili zako. Soma aya hii mara moja tu, halafu bila kurudi nyuma nijibu: huyu mtu anafanya kazi gani? Ni sentensi gani iliyokukwamisha? Ukimwona jukwaani ungetaka kumuuliza nini? Huna haja ya kusahihisha, majibu hayo yanatosha."

Jibu la kwanza likiwa "anabangua korosho na kufundisha wenzake", wasifu umefika. Likiwa "ni mwanaharakati wa wanawake" au "ni mfanyabiashara", sentensi ya kwanza haijafanya kazi yake, hata kama msomaji amesema ni nzuri sana. Kwenye swali la pili, sentensi ikiwakwamisha wote wawili na hawakuongea wao kwa wao, irekebishe bila kujadili. Ikimkwamisha mmoja tu, isome tena kwa sauti na uamue mwenyewe. Swali la tatu ndilo tamu zaidi. Wakiuliza "mlipunguzaje hizo kilo mbili?", wasifu umewafungulia njia ya kuingia kwenye mazungumzo yako.

Kipimo cha sauti usikiruke. Mpe mtu ambaye hajauona asome palepale, kama mshereheshaji atakavyofanya, kwa sababu washereheshaji wengi huona karatasi dakika hiyohiyo. Usimsaidie. Pale atakaporudia neno au kukosa pumzi, sentensi ni ndefu. Nadhani atakwama kwenye "kutoka kilo 4 hadi kilo 2 katika kila kilo 10", maana tarakimu tatu zimefuatana. Akikwama, igeuze: "Katika kila kilo 10 za korosho zilizobanguliwa kiwandani humo, vipande vilikuwa kilo 4, sasa ni 2." Maneno ni yaleyale karibu yote, ila ulimi unapata mahali pa kupumzika.

Kwa siku nane zako: siku mbili za kwanza ni za daftari na kukagua tarakimu, ya tatu ni ya meneja, ya nne na ya tano ni za wale wawili na kipimo cha sauti, ya sita unarekebisha. Siku ya saba unatuma, na ya nane inabaki ya dharura. Ukishatuma, maoni mapya hayapokelewi isipokuwa yanayohusu kosa la ukweli: jina, cheo, mwaka, kilo. Mtu akija siku ya nane akasema angeanza na ndoto, mshukuru, uendelee na shughuli zako.

Wale sita wa mwanzo wanastahili jibu, lakini usimweleze kila mmoja kwa nini hukufuata lake. Huko ni kufungua kesi upya. Mwambie kila mtu kitu kimoja alichokisaidia, na kwa bahati kila mmoja amesaidia kweli. Rafiki yako amekuondolea sifa tupu, mhasibu amekulazimisha utafute ushahidi, mwalimu amekuonyesha mpangilio wa msiba, afisa ugani amekukumbusha kwamba wanunuzi watakuwepo, meneja amesahihisha jina, na mjomba ameiweka Newala.

Unapomtumia mratibu, weka maandishi ndani ya ujumbe wenyewe, usitume picha ya karatasi. Picha itamlazimu achape upya, na 46 inaweza kuwa 64. Mwandikie pia maneno mangapi yamo, na mpangilio wa kukata iwapo nafasi itapungua: kwanza itoke sentensi ya Newala na cheti, kisha uenyekiti wa kikundi, na mengine yasiguswe bila kukupigia simu. Usipompa mpangilio huo atakata kuanzia chini, na cha kwanza kuondoka kitakuwa sentensi inayotaja mada yako.